Kwa Rehema, kuhusu wanafunzi waliokuja Ijumaa

Tanga,
Jumamosi.

Rehema mpenzi,

Barua yako nimeipata, na salamu za mama nimezifikisha. Sisi hatujambo, mvua tu ndiyo imetushika.

Nimecheka uliposema umewatangazia wanafunzi wako wa Kiswahili huko Kigali jaribio la Jumatano, ukakaa darasani peke yako, kisha Ijumaa jioni wakakupigia simu wako mlangoni na kalamu zao. Unasema hawana masikio. Mimi naona wamekusikia vizuri kupita kiasi: waliisikia ile "tano", wakaipeleka mahali ilipo tano yao.

Wewe umeshakaa huko, Kinyarwanda unakijua kuliko mimi. Hebu zitaje siku zao: Jumatatu ni ku wa mbere, yaani ya kwanza. Jumanne ni ku wa kabiri, Jumatano ku wa gatatu, Alhamisi ku wa kane, Ijumaa ku wa gatanu, Jumamosi ku wa gatandatu. Kisha Jumapili, ku cyumweru. Sasa gatatu na tatu, kane na nne, gatanu na tano, nani asiyesikia kwamba ni ndugu? Mwingereza akiambiwa Jumatano hana cha kushikia, anaikariri tu kama ilivyo. Mnyarwanda anacho, na hicho hicho ndicho kinachompoteza. Ukaribu wa lugha ndio unaomponza.

Kinachonifurahisha ni kwamba hesabu zote mbili zimejengwa kwa namna moja. Kwao icyumweru ni Jumapili, na icyumweru hicho hicho ni wiki nzima. Siku ya ibada inachangia jina na juma zima, na kesho yake ndipo hesabu inapoanza. Kwetu ni hivyo hivyo, ila nguzo yetu ni Ijumaa. Neno tumelitoa kwa Waarabu, siku ya watu kukusanyika kwa sala, nalo likazaa "juma", zile siku saba. Ijumaa ikishapita, siku inayofuata ni mosi. Kwa hiyo wao wanaanza kuhesabu siku mbili baada yetu, na kosa lao halizidi hapo wala halipungui: ni siku mbili daima.

Hapo ndipo utakapowakamata, maana kosa lina mwelekeo. Anayesikia huchelewa. Ukisema Jumatatu yeye anawaza ku wa gatatu, anakuja Jumatano. Ukisema Jumanne anakuja Alhamisi. Anayesema yeye huwahi: akitaka kukuambia ku wa gatatu, anatafuta tatu ya Kiswahili, anakuambia "tuonane Jumatatu", nawe unamngoja siku mbili kabla ya yeye kutoka nyumbani. Tuseme umewaambia wanafunzi wako walio wafanyabiashara kwamba mzigo utatoka bandarini Dar es Salaam Jumatano tarehe 14. Aliyesikia tano pekee atapeleka gari Ijumaa tarehe 16, na gharama za kuhifadhi mzigo zinaweza kuwa zimeanza kuhesabiwa. Ndiyo maana ningekushauri usitaje siku bila tarehe yake mpaka wazoee. Tarehe ndiyo itakayokuonyesha nani amepotea, kwa sababu atauliza, "Mwalimu, mbona 14 si gatanu?" Akishauliza hivyo, kazi yako imekuwa rahisi.

Usihangaike na siku zote saba, lakini. Alhamisi na Ijumaa hazina namba ambayo sikio la Mnyarwanda litaitambua, kwa hiyo anazikariri zilivyo na hazimsumbui. Jumamosi nayo ina "mosi", na mtu aliyefundishwa "moja" haioni haraka namba iliyojificha humo. Jumapili wengi wanaijua kwa sababu ya kanisa. Zinazobaki ni tatu, nne na tano, zile za katikati. Hizo ndizo za kupigia kazi, na bahati mbaya ndizo siku tunazopangiana mambo.

Kuna kitu kimoja sikipendi katika vitabu vyetu vingi: orodha inaanzia Jumatatu. Mwanafunzi anaandika Jumatatu kwenye mstari wa kwanza, na kichwani mwake tayari amekwisha kuipa namba moja, kisha anaambiwa jina lenyewe lina tatu ndani yake. Hapo anaamua kwamba Waswahili hawajui kuhesabu! Anzia Ijumaa. Waambie wakunje ngumi, hiyo ndiyo Ijumaa, halafu wafungue kidole kimoja kimoja: gumba Jumamosi, kinachofuata Jumapili, cha kati Jumatatu, cha pete Jumanne, kidogo Jumatano. Vidole vimekwisha, na majina ya namba yamekwisha pamoja navyo. Hakuna Jumasita, hakuna Jumasaba. Inabaki Alhamisi, kisha wanarudi kwenye ngumi. Wafanye hivyo kwa mikono, wasiandike kwanza.

Watakuuliza tu kuhusu Alhamisi, jiandae. Mwenye Kiarabu kidogo atasema, "Lakini mwalimu, khamis ni ya tano, na jana ilikuwa Jumatano, hiyo nayo ya tano. Mna tano mbili?" Ndiyo, tunazo mbili, na kila moja ina haki yake. Waarabu wanahesabu kuanzia Jumapili, wanaiita al-ahad, ya kwanza, ndipo Alhamisi ikawa ya tano yao. Sisi tulihesabu kwa namba zetu kuanzia Jumamosi, tukafika tano siku moja kabla. Tukaiacha Alhamisi na Ijumaa na majina ya Kiarabu, hesabu mbili zikakaa katika wiki moja bila kugombana.

Hii pia inajibu lile swali lako la yule kijana wa Oman ambaye hukosea kwa siku moja tu. Hakosei kidogo kuliko wenzake kwa kuwa na akili zaidi. Mbili yake ni al-ithnayn, yaani Jumatatu, kwa hiyo ukimwambia Jumapili anakuja kesho yake. Ukipata mwanafunzi wa Msumbiji mwenye Kireno utaona kosa lile lile, kwa maana segunda-feira, ya pili yao, ni Jumatatu vilevile. Kwa hiyo mtu akikosea, hesabu amekosea siku ngapi. Mbili, ameanzia Jumatatu. Moja, ameanzia Jumapili. Akikosea ovyo ovyo, mara hivi mara vile, huyo hajasoma, mpe kazi ya nyumbani.

Jambo moja nimeliweka mwisho kwa sababu linatatiza hata Waswahili wa bara. Wazee wetu huku pwani wakisema "usiku wa Ijumaa" wanaweza kumaanisha usiku unaoingia Alhamisi jua likizama, kwa kuwa siku kwao inaanza magharibi. Wanafunzi wako usiwafundishe hilo sasa. Wafundishe "usiku wa kuamkia Ijumaa", haina utata, na redioni wataisikia kila siku.

Hilo jaribio lirudie, lakini kwenye tangazo andika siku pamoja na tarehe, na chini yake ku wa gatatu kwa mkono wako. Ukija likizo niletee majani ya chai ya huko, yale ya kilo moja. Baba anakusalimu, anauliza kama huko unapata samaki.

Wako,
Mwanaidi