Risala ya vijana wa parokia kwa mgeni rasmi, siku ya kutangaza jina la kikundi, Mabatini, Mwanza

Mheshimiwa mgeni rasmi, Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yetu, Baba Paroko, mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu mliokubali kushuka mlimani leo, ndugu wote mliofika: Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa bibi na babu zetu Waislamu, Asalaam alaykum.

Mgeni rasmi, umezoea risala zenye mafanikio kumi na changamoto kumi. Yetu ina jambo moja, nalo ni jina. Limetusumbua kuliko ndoo tunazobeba, na leo tunakukabidhi fomu ya usajili tukiwa na jina la nne.

Kazi yenyewe ni fupi kuieleza. Kila Jumamosi asubuhi tunateka maji kwenye bomba la chini, tunayapandisha kati ya mawe kwa ndoo za lita 20 hadi kwa wazee wanaoishi peke yao, halafu tunawafulia, tunafagia na kuosha vyombo. Kule juu bodaboda haifiki. Anayefika ni mwenye shingo na kata ya nguo kichwani.

Jina la kwanza lilikuwa "Damu Azizi ya Yesu". Lilitoka kwenye mafungo ya Kwaresima na hakuna aliyelipinga, maana ukilipinga utaonekana unapinga nini? Tabu ilianza kwenye matumizi. Mwenye duka la sabuni alituandika kwenye daftari lake la madeni: "Damu Azizi, 14,000." Mweka hazina alipochelewa, yule baba akasimama barabarani na kutangaza kwamba Damu Azizi ni matapeli. Tulilipa siku hiyohiyo, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na aliyelibebesha deni ni sisi.

Hilo lingeweza kupita kama kichekesho. Lisilopita ni mama aliyekuja jioni moja akikimbia, nduguye amelazwa, anahitaji kuongezewa damu. Alikuwa ameona jina letu kwenye fulana akaamini tunachangia damu. Tulimsindikiza hospitali, na wawili wetu walikubaliwa kutoa. Lakini alikuwa amepoteza saa nzima kututafuta sisi, kwa sababu ya jina.

Tukabadilisha. Somo tuliyemtaka ni Bikira Maria alipokwenda kumtembelea Elisabeti, kama ilivyo katika Luka sura ya 1: binti anakwenda kwa haraka nchi ya milima, kwa ndugu yake mzee mwenye mimba, anakaa naye kama miezi mitatu. Milima, mzee, msichana aliyekwenda kwa miguu yake. Nani mwingine angetufaa? Basi tukajiita "Watembezi wa Maria". Akina mama wa jumuiya walicheka hadi machozi. Kwa Kiswahili chetu, binti mtembezi ni mwenye sifa nyingine kabisa, na "anatembea na fulani" kila mtu hapa anajua maana yake. Tulikuwa tumetafsiri sikukuu ya ziara hiyo ya Maria bila kusikiliza mtaa.

La tatu lilikuwa "Vijana wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo". Hapo Baba Paroko alitukalisha chini. Alisema hicho ni chama kilichopo, kina katiba yake na viongozi wake, na mtu akitupa mchango akidhani sisi ndio hao, tumemdanganya hata kama hatukukusudia. Kisha akatusimulia kilivyoanza. Mwaka 1833 kule Paris, Frederiki Ozanamu, mwanafunzi wa miaka 20, na wenzake wachache walianza kuwatembelea maskini majumbani. Hawakuanza na jina la mtakatifu. Walijiita kwa kazi yao, Konferensi ya Upendo, na jina la Vinsenti likafuata baadaye. Akaongeza kwamba Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 304, inataka chama kichague jina linaloendana na mahali na wakati, na zaidi ya yote litokane na lengo lake. Kanuni ya 300 inakataza chama chochote kujiita "Katoliki" bila ridhaa ya mamlaka husika ya Kanisa. Sisi tulikuwa tayari tumeshaliandika neno hilo kwenye bango. Tukalifuta kwa rangi.

Basi tukaanza na kazi. Wa kwanza akapendekeza "Msaada kwa Wazee Wasiojiweza". Kabla ya kulipitisha tulilipeleka kwa wenyewe. Bibi mmoja, ambaye leo amekaa pale mbele na ametupa ruhusa ya kusema haya, aliuliza: "Asiyejiweza ni nani? Mimi ninapika mwenyewe. Maji ndiyo yamenishinda, si maisha." Neno "wasiojiweza" tukaliondoa. Yeye ni Mwislamu, na alikuwa na la pili: ndoo yenye jina la kanisa ikiegeshwa mlangoni kwake kila Jumamosi, majirani watasema amebatizwa kwa maji ya kufulia.

Hapa tulibishana wiki tatu. Wapo waliosema tuiondoe imani kwenye jina, wafadhili wa nje wapate wepesi. Wengi tulikataa. Anayefungua mlango ana haki ya kujua ni nani anaingia, na kuificha parokia ni udanganyifu uleule wa kuazima jina la Vinsenti. Mwisho tulikubaliana hivi: jina la kazi liwe kubwa, somo wetu awe mstari wa chini, vyote viwili vikae kwenye fulana, katiba na risiti. Kwenye ndoo panaandikwa "Maji kwa Wazee" tu. Ndani ya nyumba hatuanzishi sala mpaka mwenye nyumba aombe.

Jina tulilijaribu pia. Vijana wawili walikwenda mwaloni Kirumba, wakawaonyesha wauza dagaa karatasi yenye jina peke yake, bila maelezo, wakauliza: hawa wanafanya nini? Majina ya zamani yalijibiwa "kwaya", "maombi", "damu". Hili la sasa lilijibiwa "wanawapelekea wazee maji". Mmoja aliongeza, "kwani wana gari?" Hatuna, lakini alikuwa ameelewa.

Jina letu ni Vijana wa Maji na Usafi kwa Wazee, na chini yake: Somo wetu, Maria aliyemtembelea Elisabeti. Tunajua lina upungufu. Wazee wawili tunawasindikiza pia kliniki ya presha, na jina halisemi hivyo. Tumeona bora litaje tunachofanya kila wiki. Kazi ikigeuka, tutabadilisha katiba. Wavulana wachache wananung'unika kuwekwa chini ya majina ya akina mama wawili, Maria na Elisabeti. Watazoea.

Mgeni rasmi, tuna ombi moja. Tunajua ofisi hupenda vifupisho. Mwenzetu mmoja alikwisha kutufupisha "KIVIMAUWA", na babu mmoja akauliza kwa utulivu, "Mnauwa nani?" Tunaomba cheti na barua ya utambulisho kwa mtaa viandikwe jina zima, mistari yote miwili, hata kama muhuri utabidi uwe mkubwa kidogo. Mtaani tunaitwa "wale wa ndoo", na hilo hatuliombei usajili.

Wabeja sana. Naomba kuwasilisha.