Kidonge cha kutwa nzima kisipondwe kwenye chai

Mhariri,

Mimi ni mfamasia. Mwezi uliopita nilikwenda Tanga kumjulia hali shangazi yangu, nikamkuta binti anayemtunza anaponda kidonge kwa kitako cha glasi. Unga wake akautia kwenye chai ya maziwa, akakoroga. "Kidonge kinamkwama bibi kooni, dada," akaniambia. "Hivi anakunywa bila taabu."

Nikaomba boksi. Ilikuwa dawa ya kutuliza wasiwasi, alprazolamu ya miligramu 2, na kando ya jina zimeandikwa herufi XR. Maana yake kidonge kimetengenezwa kitoe dawa kidogo kidogo kutwa nzima. Zamani shangazi alikuwa akimeza vidonge vya kawaida vya miligramu 0.5, mara nne kwa siku. Daktari akambadilishia ili ameze kimoja tu asubuhi, na jumla ya dawa ikabaki ile ile. Kidonge hicho kikilowa tumboni kinavimba na kuwa kama uji mzito, na dawa inapenya humo polepole. Ukikiponda, kizuizi hicho kimeondoka. Kikombe kile kilikuwa na dozi nne kwa mkupuo mmoja.

Binti alikuwa ameyaona matokeo bila kujua chanzo. Kila ikifika saa nne, ulimi wa bibi unakuwa mzito na kidevu kinamlalia kifuani. Wiki mbili nyuma alianguka akienda msalani, wakasema ni uzee. Alfajiri ndiyo anaamka anatetemeka, maana dawa iliyoingia yote asubuhi imeshapungua mno. Nyumbani walishaanza kupanga kumwomba daktari aongeze dozi!

Kukata nusu nako hakufai, kwa sababu maji yanaingia pale palipokatwa na dawa inatoka haraka. Vipo vidonge vichache vya namna hii ambavyo mtengenezaji ameruhusu vikatwe kwenye mstari wake, lakini hilo aulizwe mfamasia kabla kisu hakijashikwa. Kinachonitisha zaidi ni mgonjwa anayetumia pia tramadoli au mofini ya maumivu, kwani zikikutana na dawa hii pumzi inaweza kupungua hadi ikakatika. Mgonjwa haamki ukimtikisa, au anavuta pumzi moja moja kwa mbali? Mkimbizeni hospitali, na boksi mlibebe.

Hatukumwachisha shangazi dawa ghafla, kwani kuiacha hivyo kunaweza kuleta degedege. Tulimpigia daktari siku ile ile, akamrudisha kwenye vidonge vya kawaida, dozi ndogo ndogo, ambavyo vinaweza kupondwa. Vinawekwa kwenye kijiko cha uji, si kwenye kikombe kizima, maana chai ikibaki, unga unabaki chini na hujui amekunywa kiasi gani.

Mfamasia,
Dar es Salaam