Ligeuze tikiti tumbo juu

Mwanangu mpendwa,

Juzi uliponipigia simu, ukanieleza kwamba tikiti maji moja umelikata likatoka jeupe, na ukauliza kama lile la pili litaiva ukiliacha mezani siku nne tano, nilikujibu hapana kisha simu ikakatika. Sikupenda tuishie hapo. Mimi mwenyewe, nikiwa na umri wako, niliwahi kuweka tikiti bichi chini ya kitanda wiki nzima nikilisubiri liive, na nilipolikata lilikuwa chapwa vilevile.

Sukari ya tikiti hutengenezwa na majani na kuingia kwenye tunda kupitia kikonyo. Likishachumwa, mlango huo umefungwa. Ukiliweka ndani litalainika tu, utamu hautaongezeka. Kwa hiyo kazi yote ni pale kibandani, kabla hujatoa hela.

Watu wengi huanza kwa kugonga. Wewe anza kwa kuligeuza. Tafuta baka pale tunda lilipolalia udongo. Likiwa jeupe au la kijani kilichopauka, tunda lilichumwa mapema. Likiwa na rangi ya manjano kama siagi, lilikaa shambani hadi likakomaa. Halafu tazama ganda lenyewe: tikiti changa hung'aa kama lililopakwa mafuta, lililokomaa huwa limefifia. Ndiyo maana mara nyingi linalopendeza macho ndilo linalokuangusha. Lakini wapo wakulima wanaoligeuza tunda shambani au kulitandikia nyasi, na hapo baka halionekani vizuri, basi utegemee zaidi huko kufifia kwa ganda.

Baada ya hapo ndipo unyanyue. Wiki iliyopita nilibakiwa na mawili yenye baka la manjano, ukubwa karibu sawa. Nililishika moja kwa mikono miwili, nikaliweka chini, nikashika la pili, nikarudia tena. La pili lilivuta mikono chini zaidi, nami nikalichukua. Tikiti ni maji kwa takriban asilimia 92, kwa hiyo linalokuwa jepesi kuliko mwenzake wa ukubwa uleule huenda limekaa sana likakauka, au lina uwazi katikati. Ila usilinganishe kubwa na dogo, wala usiamini uzito peke yake, kwa sababu tikiti bichi nalo limejaa maji. Uzito unakuchagulia kati ya yale ambayo baka limeshayapitisha.

Kugonga nako kuna maana yake, ila masikio hudanganya penye kelele za barabara. Mlio mzito wenye mwangwi, kama unagonga kifua, ni mzuri. Mlio uliozimika, kama wa tumbo, mara nyingi ni wa tikiti lililopitiliza, na ukilikata utakuta nyama yake imekuwa chengachenga. Pua haina kazi kubwa hapa, tikiti zima halinukii. Ukisikia harufu ya uchachu karibu na kikonyo, liache.

Chungwa nalo haliongezi utamu likishachumwa, lakini usilihukumu kwa rangi. Kwenye joto chungwa huweza kuiva kabisa ganda likiwa bado kijani, maana ule umanjano huletwa na usiku wa baridi. Shika mawili yanayolingana, chukua zito lenye ganda laini lililobana. Lenye ganda nene la mabonde mabonde, linalobonyea kana kwamba limeachana na nyama, mara nyingi ndani ni kavu.

Papai ndilo lenye nafasi ya kusubiriwa, na hata hilo lina mpaka. Linaendelea kulainika na kunukia nyumbani, lakini halina akiba ya wanga ya kugeuza kuwa sukari kama ndizi, kwa hiyo lililochumwa kijani kitupu litalainika na kubaki chapwa. Tafuta lililoanza mistari ya manjano kuanzia kitakoni. Kama unakula leo, chagua lililogeuka manjano sehemu kubwa, libonyeze kwa kiganja, si kwa ncha ya kidole, maana kidole huacha jeraha na mnunuzi mwenzako ndiye atakayelikuta limeoza. Kisha linuse upande wa kikonyo. Harufu tamu, tulivu, ndiyo unayoitaka. Ikiwa kali kama kitu kilichochacha, limepita. Madoa meusi yaliyodidimia nayo yaogope, uozo wake huingia hadi ndani.

Ukinunua lenye mistari tu, usiliweke kwenye friji, baridi huzuia kuiva. Lifunge kwenye gazeti, liweke mbali na jua, na kuanzia siku ya pili ulinuse kila asubuhi pale kwenye kikonyo. Siku utakayoisikia harufu kabla hujalifungua gazeti, likate siku hiyohiyo.

Mama yako