Kabla hujafika Seoul

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Kwa kuwa unaanza kazi huku mwezi Machi, nakuambia mapema jambo ambalo halimo kwenye mkataba wako: nunchi. Ni ile hali ya kuingia mahali ukasoma nyuso na ukimya, ukajua la kufanya kabla hujaambiwa. Wakorea husema mwenye nunchi ya haraka hata akienda hekaluni atapata uduvi wa chumvi, na watawa wale nyama na samaki hawagusi!

Utaiona kwanza mezani. Juzi bosi alitupeleka mkahawa wa vyakula vya Kichina. Akasema, "Agizeni chochote mpendacho," kisha akaongeza, "mimi nitakula jajangmyon." Hizo ni tambi za mchuzi mweusi wa soya, na kwa kawaida ni miongoni mwa vyakula vya bei nafuu hapo. Basi kikomo cha bei kimeshapangwa. Meza nzima ikaagiza jajangmyon, isipokuwa kijana mmoja mgeni aliyetaka sahani ya kamba ya bei kubwa. Hakuna aliyemkemea. Mkubwa wake alimsogelea tu akasema, "Tambi za hapa ni tamu sana." Kijana akaelewa, akabadilisha.

Lakini usikimbilie kudhani bosi ni mchoyo. Muda mfupi baadaye yeye mwenyewe akaita tangsuyuk, nyama ya nguruwe ya kukaanga yenye mchuzi mtamu, ikawekwa katikati ya meza. Ukarimu ulikuwepo, ila ulitakiwa utoke kwake. (Wewe usiyekula nguruwe liseme hilo mapema, siku ya kwanza, kwa mtu mmoja unayemwamini, wenzako watakupangia bila kelele.)

Usimkodolee macho bosi. Mtazame aliye ngazi moja juu yako, maana yeye ameshamzoea na anajua leo kumekucha vipi. Asiposhika kijiko, nawe usishike. Na ukipendekeza jambo ukajibiwa "gulseee" kwa kuvuta sauti, au "nitalifikiria", hilo ni hapana. Usirudi kesho kuuliza wamefikia wapi.

Jioni ndiyo inayonichosha. Tangu 2018 sheria ilianza kuweka kikomo cha saa 52 za kazi kwa wiki, ikianzia kwenye kampuni kubwa, na vijana wengi sasa huondoka saa ya kutoka ikigonga. Hata hivyo katika ofisi yetu saa kumi na mbili ikifika watu hupanga karatasi zilizokwisha kupangwa, wakisubiri mkubwa avae koti. Mimi huona huko ni kuwatesa watu kwa macho. Siku hizi nimemzoea mama mmoja wa uhasibu ambaye husimama wa kwanza, nami humfuata mlangoni.

Nitumie tarehe ya ndege nije kukupokea Incheon.

Wako,
Zuhura