Malalamiko: Jedwali la Mvi Lililoachwa Kwenye Maelezo ya Kiswahili

Mwenye saluni,
Chake Chake,
Pemba.

Kwa Meneja wa Mauzo,
Kitengo cha Rangi za Nywele.

YAH: MAELEZO PUNGUFU YA KUFUNIKA MVI NDANI YA PAKITI ZENU

Assalaam alaykum.

Nalalamikia karatasi ya maelezo mnayoitia ndani ya pakiti ya rangi yenu ya kudumu. Upande wa Kiingereza una jedwali zima linaloonesha jinsi mchanganyiko unavyobadilika kwa asilimia ya mvi. Upande wa Kiswahili jedwali hilo halipo. Pana sentensi moja tu: kwa nywele zenye mvi, changanya tyubu moja na developa ya voliyumu 30 mara mbili yake, usubiri dakika 25. Mwenye mvi mbili tatu na mwenye kichwa cheupe wote mmewapa dawa moja.

Mimi Kiingereza nakisoma kwa kubahatisha. Siku hiyo kijana wangu wa kazi ndiye aliyechanganya, naye alifuata Kiswahili chenu neno kwa neno.

Mteja alikuwa mama wa bi harusi, zimebaki siku sita kabla ya shughuli. Mnajua wenyewe ilivyo kwetu: nywele za mtu mzima huwa chini ya mtandio mwaka mzima, lakini usiku wa shughuli ya wanawake zinatolewa, na kila jicho ukumbini linazitazama. Alitaka hudhurungi iliyokoza, yenye wekundu kidogo, akachagua 5.35 kwenye katalogi yenu. Mbele na kwenye panja alikuwa na mvi kiasi cha asilimia 90. Kisogoni hazikufika 20, na zilizobaki ni nyeusi tititi.

Tulipoosha, kisogo kilitoka vizuri, hudhurungi yenye joto. Mbele kulitoka rangi ya chungwa. Nikamsogeza mlangoni kwenye mwanga wa jua, nikainua shungi moja la panjani: unywele ulikuwa unapitisha mwanga kama karatasi iliyopakwa mafuta, na kwenye shina bado unaona weupe. Bi mkubwa hakusema neno. Alivuta mtandio, akaomba kioo kiondolewe.

Kosa si la tyubu. Rangi ya mtindo kama 5.35 imetengenezwa ikitegemea kwamba ndani ya unywele mna weusi wake mwenyewe. Weusi huo ndio unaoipa uzito na kuuzima wekundu wake. Unywele wa mvi hauna weusi wowote, kwa hiyo dhahabu na wekundu wa kwenye tyubu vinabaki peke yao, vinapiga kelele. Tyubu ya rangi ya asili, yaani 5.0, imebeba buluu, nyekundu na manjano kwa mizani, na hiyo ndiyo inayojaza pale palipo patupu. Ndiyo maana mvi zikiwa chini ya robo ya kichwa unaweza kutumia rangi ya mtindo peke yake. Zikifika nusu, unachanganya nusu ya asili na nusu ya mtindo. Zikipita robo tatu, asili ndiyo inayobeba bakuli na mtindo unakuwa kama chumvi kwenye mchuzi.

Developa nayo mmeikosea. Kwa kufunika mvi kinachotakiwa ni voliyumu 20, ile ya asilimia 6. Inaufungua unywele kiasi cha kutosha rangi iingie na ikae. Voliyumu 30 kazi yake zaidi ni kupandisha, yaani kuupunguzia unywele weusi wake, na kwenye mvi hakuna cha kupandisha. Kisha mkasema mara mbili, rangi ikawa nyepesi kama uji wa mgonjwa. Kwa mvi nyingi ni sawa kwa sawa, gramu kwa gramu, na dakika 45, kwa kuwa unywele wa mvi mara nyingi ni mgumu na magamba yake yamefunga. Rangi ipakwe nene, na feni izimwe. Joto letu linashawishi kuwasha feni, lakini rangi ikikauka kichwani kazi yake imekwisha.

Liko jambo la tatu, nalo ndilo linalowapotosha hata mafundi wa siku nyingi: namba ya kwanza ya tyubu, inayoonesha ukolevu, 1 ikiwa nyeusi kabisa na 10 manjano ya mpauko. Mwenye mvi chache, ukimpaka namba ileile anayoitaka, atatoka mweusi zaidi ya alivyoomba, kwa sababu weusi wake wa asili unajumlishwa na wa tyubu. Huyo anapewa namba moja juu. Mwenye mvi nusu kwa nusu anachanganyiwa namba anayoitaka na ile ya juu yake, sawa kwa sawa. Mwenye mvi tupu anapewa namba anayoitaka hasa, maana anachokiona kwenye tyubu ndicho atakachokipata. Na mteja mwenye mvi nyingi anayetaka 9 au 10 aambiwe mapema kwamba rangi hizo hazina uzito wa kufunika. Zitazichanganya mvi tu zisionekane sana.

Kwa hiyo kichwa cha bi mkubwa kilikuwa vichwa viwili. Alirudi baada ya siku mbili, ngozi ikiwa haina mwasho wala wekundu. Mbele nilipima kwa mizani 5.0 gramu 30, 5.35 gramu 10 na developa ya voliyumu 20 gramu 40. Kwanza nilipaka developa tupu kwenye panja peke yake, dakika 10, ili magamba yalegee, nikaikausha kwa taulo bila kuosha, ndipo nikapaka rangi. Dakika 45 kwa saa ya ukutani. Kabla ya kuosha nilifuta shungi moja kwa pamba yenye maji na kulitazama kwenye jua: halipitishi mwanga tena. Kisogo sikukigusa. Atakaporudi kutiwa mashina, kisogo kitapata 6.35 na voliyumu 20, mbele mchanganyiko ule ule, na vitakutana kwenye 5.

Hiyo 5.0 niliipata kwa kuagiza Unguja, ikaja na boti ya siku ya pili. Wakala wenu huku Pemba analeta rangi za mtindo tu, kwa sababu, anasema, ndizo zinazovutia kwenye rafu. Wateja wangu wengi ni watu wazima wanaokuja kufunika mvi. Mnatuuzia nakshi bila mlango.

Naomba mambo matatu. Karatasi ya Kiswahili ichapishwe upya na jedwali lote, na pale penye neno mvi iandikwe asilimia, tena fundi aambiwe aikadirie sehemu kwa sehemu: panja, utosi, kisogo. Wakala aletewe rangi za asili kuanzia 3.0 hadi 6.0. Na mnirudishie Sh 65,000: elfu 40 nilizomrudishia mteja, na elfu 25 za tyubu, developa na nauli ya mzigo. Risiti nimeziambatanisha, pamoja na karatasi yenu yenyewe, nimeipigia mstari ile sentensi.

Nimesitisha kuuza rangi yenu kwa mafundi wanaonunua kwangu hadi nipate jibu. Nasubiri siku 14.

Wenu katika kazi,

Mwenye saluni,
Chake Chake, Pemba.