Mwanangu, mwandikie mhandisi

Mafinga, Septemba

Mwanangu,

Barua ya maombi uliyonitumia nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa ofisini, mbele ya kompyuta ileile ninayofungulia barua pepe za kiwanda chetu cha mbao kila asubuhi. Nina miaka 14 kwenye kiti hiki, kwa hiyo acha nikueleze jinsi barua yako ingepokelewa.

Umeanza na "Yah: Maombi ya kazi", ikafuata "Husika na somo tajwa hapo juu", halafu umri, mahali ulipozaliwa, na mwisho unasema uko tayari kwa kazi yoyote. Ndivyo tulivyofundishwa, sikulaumu. Lakini hicho kiwanda cha chai unachokiandikia hakijatangaza nafasi, kwa hiyo hakuna aliyekaa akisubiri maombi. Karani wa huko atajiuliza kama mimi ninavyojiuliza: hii nimpelekee nani, mhasibu, stoo au karakana? "Kazi yoyote" haimwambii. Itabaki hapohapo, na kufika mchana oda na ankara zitakuwa zimeifunika. Huwa inaniuma, maana najua ni mtoto wa mtu ameandika.

Wewe mama yangu unasuka mota, na kiwanda cha chai kinaishi kwa mota. Majani mabichi yanalazwa kwenye vitanda virefu vya kunyaushia, feni zikipuliza hewa kwa chini usiku kucha. Mota ya feni ikiungua, majani yanapata joto, yanageuka mekundu, na chai yake inashuka bei. Anayekosa usingizi hapo ni mhandisi wa kiwanda, wala si ofisi ya utumishi. Piga simu mapokezi, jitambulishe, uliza jina lake na anwani yake ya barua pepe. Fanya hivyo wiki hii. Sasa ni kiangazi, majani ni machache, ndiyo mashine zinafunguliwa na kufanyiwa matengenezo. Mvua zikishakolea, majani yakafurika, hatakuwa na nafasi ya kukusikiliza.

Nimejaribu kukuandikia, kwa yale uliyonisimulia:

Kichwa: Fundi wa kusuka mota, Makambako

"Mhandisi (andika jina lake), habari za kazi.

Mimi ni fundi umeme, nimehitimu VETA. Kwa miezi 8 katika karakana moja hapa Makambako nimesuka mota 11 za fezi tatu, za hosipawa 3 hadi 15, nyingi za mashine za kusaga na kupasua mbao. Moja ilirudi kwa sababu ya beringi, nikaitengeneza. Nyingine 10 zinafanya kazi.

Sijaona tangazo la nafasi kwenu. Naomba nije siku moja kabla ya mvua, nipime kwa mega mota zenu za akiba za feni za kunyaushia, nikuoneshe zipi zinahitaji kusukwa.

Wasifu wangu wa ukurasa mmoja nimeuambatisha. Simu yangu ni hii."

Basi, jina lako, umemaliza. Mtu anaisoma kwenye simu akiwa amesimama karakanani. Ile mota iliyorudi usiifute. Fundi mwenzako akiiona ataamini na zile 10. Ila hesabu iwe ya kweli, na usiongeze mota kubwa ambayo hujawahi kuigusa, kwa sababu akipiga simu atakuuliza geji ya waya na idadi ya mizunguko. Uwe na lile daftari lako karibu.

Angalia pia ombi lenyewe. Hujaomba ajira, umeomba siku moja. Ajira inahitaji bajeti na kikao, lakini siku moja mhandisi anaweza kuikubali mwenyewe.

Vyeti usivipige picha ukavituma vyote. Nimeona barua pepe nzito zikigoma kuingia, na mwombaji anabaki akidhani amenyimwa. Faili moja la PDF linatosha. Na kila kiwanda kiandikie peke yake. Juzi nilipokea barua yenye anwani za viwanda 20 vimepangwa mstari mmoja juu, mkurugenzi akazihesabu kisha akaifunga.

Ikipita wiki kimya, piga mara moja, taja mota na ile siku moja uliyoomba. Akisema karakana imejitosheleza, mshukuru, uhamie kiwanda kingine. Na kwa kazi za serikali njia hii usiitumie, zile zinaombwa kwenye Ajira Portal zikishatangazwa.

Jumapili nitakupigia baada ya ibada. Unisomee uliyoiandika kwa maneno yako kabla hujaituma, hasa ile sentensi ya mota 11.

Mama yako