YAH: Malalamiko kuhusu vali mbili zilizofungwa mahali pasipo pake

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Moshi, 12 Mei 2025

Ndugu Meneja,

Mwezi Februari mafundi wenu walimaliza kufunga mfumo wa maji nyumbani kwangu. Kwenye ankara yenu kuna vali moja ya kupunguza presha na vali moja ya njia moja, ile ambayo mafundi wanaiita nonritani. Zote nimezilipia na zote zipo, sibishi. Ninacholalamikia ni pale zilipofungwa, kwa sababu hapo zilipo ni kama hazipo.

Nyumba yangu iko upande wa chini wa mteremko, na maji ya mtaa huu yanashuka kwa uzito wake yenyewe kutoka juu. Kila mita 10 za kushuka zinaongeza takriban bar 1. Mchana, watu wakiwa wanafua na kumwagilia, hali ni ya kawaida. Usiku watu wanafunga koki, maji yanasimama kwenye bomba, na uzito wote wa mteremko unatua kwa sisi tulio chini. Kabla ya kazi nilimweleza msimamizi wenu jambo hili. Akanijibu, "Mama, presha kubwa ndiyo raha yenyewe." Raha hiyo niliionja usiku wa tarehe 3 Aprili, pale mpira mfupi wa sinki la bafuni, ule wenye nyuzi za chuma, ulipopasuka. Niliamshwa na maji yakiwa yamefika sebuleni.

Nilimwita fundi bomba wa jirani. Kabla ya kugusa chochote alifunga geji kwenye koki ya bustani. Saa saba mchana ilisoma bar 4. Nilimwomba aiache, na saa nane usiku nikatoka na tochi kuisoma mwenyewe: bar 8.5. Vifaa vya nyumbani vinakaa vizuri kwenye bar 3 hivi, na vali mliyoniuzia inaweza kushusha presha hadi hapo. Sasa mliifunga wapi? Kwenye bomba linaloshuka kutoka tenki la juu ya nyumba!

Tenki hilo lina lita 2,000 na limekaa mita 6 juu ya mabomba ya bafuni. Maji yake yanafika chini na bar 0.6 tu. Vali iliyowekwa kwenye bar 3 haina cha kupunguza hapo. Inakaa wazi muda wote na kuyabana maji kidogo yanapopita. Ndiyo maana maji ya mtaa yakikatika bomba la mvua linachuruzika kama birika. Wakati huohuo bomba la mtaa, lenye bar 8.5, linaingia jikoni, bafuni na kwenye hita moja kwa moja, halina kizuizi chochote.

Mahali pa vali ya kupunguza presha ni pale maji yanapoingia: baada ya dira na gati vali ya kufungia nyumba nzima, kabla ya tii ya kwanza. Mbele yake inatangulia chujio, kwa sababu punje moja ya mchanga ikinasa kwenye kikalio chake, vali haifungi sawasawa. Hapo geji itasoma bar 3 mtu anapotumia maji, na hata usiku, koki zote zikiwa zimefungwa, mshale utabaki karibu na hapo; ukipanda polepole mpaka ulingane na bomba la mtaa, ujue vali haifungi. Kwa hiyo kuipima mchana na koki ikiwa wazi, kama walivyofanya mafundi wenu, hakuthibitishi kitu.

Nije kwenye nonritani. Kazi yake si kupunguza presha. Inaruhusu maji yaende upande wa mshale na kuyazuia yasirudi, basi. Ninyi mliifunga kwenye bomba linalopanda kujaza tenki. Bomba hilo linaingia tenki kwa juu na kumwaga kupitia boya, juu ya usawa wa maji. Maji ya tenki hayawezi kurudi kwa njia hiyo hata mngeacha bomba tupu.

Yanarudi kwa njia nyingine. Bomba la kushuka kutoka tenki linaungana na la mtaa ndani ya nyumba. Mtaa ukiwa na presha, hakuna tatizo: ile vali yenu ya kupunguza presha inajifunga kwa kusukumwa kutoka chini, kwa bahati tu. Maji ya mtaa yakikatika, tenki linashuka, linapita kwenye mabomba ya ndani, linatoka kupitia dira na kwenda barabarani. Tarehe 19 Aprili maji yalikatika jioni. Tulifunga koki zote tukalala. Asubuhi tenki lilikuwa limepungua zaidi ya nusu, sakafu ni kavu, na mshale wa dira ulikuwa unazunguka kinyume. Fundi alipofunga gati vali kando ya dira, maji ya tenki hayakupungua tena.

Kupoteza maji ni hasara, lakini kuna linalonitia hofu zaidi. Mpira wa bustani ukiachwa ndani ya ndoo ya dawa ya mboga, na bomba la mtaa likaanza kuvuta, dawa ile inaweza kuingia kwenye mabomba yangu na ya majirani. Nonritani iliyofungwa mara baada ya dira ingezuia hilo. Ya pili inatakiwa mwanzoni mwa bomba la kushuka kutoka tenki, ili presha ya mtaa isipande tenki kwa chini na kulifurisha.

Kuhusu hita: vali yake ya usalama, iliyopangwa kufunguka kwa bar 8, imekuwa ikidondosha usiku kucha. Fundi wenu alisema kwa simu kwamba ni mbovu. Si mbovu. Tangu nianze kufunga gati vali kila saa tatu usiku, inadondosha tu hita inapochemsha, na hiyo ni kawaida: maji ya lita 50 yakitoka nyuzi 25 kufika 65 yanavimba karibu lita moja, na nonritani iliyo kwenye kiingilio cha hita haiyaruhusu yarudi. Matone hayo yanahitaji bomba la kuyapeleka nje, au chombo kidogo cha kupokea uvimbe huo. Badala yake yanadondokea kwenye ukuta wangu.

Naomba mfanye yafuatayo ndani ya siku 14. Mhamishie vali ya kupunguza presha baada ya gati vali, pamoja na chujio na geji ya kudumu, na muipange bar 3. Mhamishie nonritani karibu na dira na kuongeza nyingine kwenye bomba la tenki, kwa gharama zenu. Mtoe maji ya vali ya hita hadi nje. Mnirudishie shilingi 240,000 za mpira, fundi na zulia. Risiti nimeambatisha, pamoja na picha ya geji ya saa nane usiku.

Fundi atakayekuja aje jioni, siyo asubuhi. Nitamwekea chai, na geji tutaisoma pamoja watu wakishalala.

Wenu,
Mteja wenu wa Moshi